Makosa yanalingana na R, lakini mbolea na jumla vinagoma: mahali pa kuangalia

*"Wakuu, nimepiga anova kwa mkono, jaribio la mbolea tatu kwenye mahindi, vipande vinne kila mbolea, mavuno kwa kilo. A: 12.1, 11.8, 12.6, 11.9. B: 13.4, 13.0, 13.9, 13.3. C: 12.7, 13.1, 12.2, 12.8. Nimepata jumla ya miraba ya mbolea 4.4052, makosa 1.22, jumla yote 5.6252, F 16.25. R inanipa F 12.49. Nimerudia mara mbili, jibu ni lile lile. Kosa liko wapi?"*

Kosa lako liko kwenye wastani mkuu. Umeandika 12.73 badala ya kubaki na 152.8 gawanya kwa 12, ambayo ni 12.7333 isiyoisha. Nimekagua majedwali ya wanafunzi wa kilimo kwa miaka mingi na hili ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Kurudia hakusaidii, kwa sababu unarudia na 12.73 ile ile.

Hesabu yote ya mkono inasimama juu ya namba tatu. Ya kwanza ni kila mavuno yakipandishwa kipeo cha pili kisha kujumlishwa: 1950.26. Ya pili ni jumla ya kila mbolea (48.4, 53.6 na 50.8), kila moja kipeo cha pili, gawanya kwa 4, kisha jumlisha: 1949.04. Ya tatu ni jumla kuu kipeo cha pili gawanya kwa 12, yaani 23347.84 ÷ 12 = 1945.6533. Hii ya tatu nitaiita sahihisho. Jumla yote ni ya kwanza toa ya tatu, 4.6067. Mbolea ni ya pili toa ya tatu, 3.3867. Makosa ni ya kwanza toa ya pili, 1.22.

Ona kwamba sahihisho halimo kabisa kwenye makosa. Ndiyo maana mstari wako wa makosa umelingana na R huku miwili mingine ikigoma, na yote miwili imezidi kwa kiasi kile kile, 1.0185. Sasa chukua 12.73, ipandishe kipeo cha pili, zidisha kwa 12: unapata 1944.6348. Toa hiyo kwenye 1945.6533 na utaikuta 1.0185 yako imekaa pale.

Watu wengi hawaamini kwamba theluthi moja ya sehemu ya mia ya kilo inaweza kuleta balaa hili. Lakini kosa hilo dogo kwenye wastani linazidishwa mara mbili ya wastani wenyewe, kisha mara 12: 2 × 12 × 12.73 × 0.00333, karibu 1.02. Namba zako zote ziko karibu na 1950, na unachokitafuta ni tofauti ndogo ya tatu au nne juu yake, kwa hiyo kosa la 1 ni kubwa mno. Hata ungebaki na desimali tatu, 12.733, F yako ingekuwa 12.87. Na ungekadiria 12.7, ingefika 50.02. Yule anayekadiria kwenda juu ndiye anayekuja kulia kwamba jumla ya miraba imetoka hasi. Akiandika 13, sahihisho linakuwa 2028, kubwa kuliko 1950.26.

Dawa ni kutogusa wastani kabisa katika njia hii. Chukua jumla kuu kama ilivyo, ipandishe, ndipo ugawanye, na ukadirie mwisho tu. Au punguza ukubwa wa namba kabla ya kuanza: toa 12 kwenye kila mavuno. A inakuwa 0.1, −0.2, 0.6, −0.1, na kadhalika. Jumla kuu inashuka hadi 8.8, sahihisho 77.44 ÷ 12 = 6.4533, jumla ya vipeo 11.06, na 11.06 toa 6.4533 ni 4.6067 ile ile. Kutoa namba moja kwenye data zote hakubadilishi tofauti zilizo kati yao. Mimi napenda kupiga kwa njia zote mbili, kwa sababu kosa la kunakili au la kikokotoo halitajitokeza sawasawa pande zote.

Lakini ukishatoa 12, jihadhari na alama ya kutoa. Kwenye vikokotoo vingi, ukibonyeza −0.2 kisha kipeo cha pili bila mabano, unapata −0.04. R nayo inafanya hivyo hivyo kwa `-0.2^2`, wakati Excel ukiandika `=-0.2^2` inakupa 0.04. Weka mabano kila mara. Kosa hili linaacha alama yake: kwenye data zako, zile hasi mbili za A zingepunguza jumla ya vipeo kwa 0.10, kwa hiyo jumla yote na makosa vingepungua kwa 0.10 huku mbolea ikibaki sawa na R.

Alama ya tatu ni jumla yote kulingana na R, ila mbolea na makosa vinapishana, kimoja kimezidi kwa kile ambacho kingine kimepungukiwa. Hapo tazama namba ya pili. Mara nyingi mtu amegawanya kwa idadi ya mbolea, 3, badala ya vipande 4 vya kila mbolea. Kwako mbolea ingefika 653.07 na makosa −648.46. Kipande kikipotea na idadi zisiwe sawa, kila jumla ya mbolea inagawanywa kwa idadi yake yenyewe.

Kwa hiyo usiishie kulinganisha F peke yake. Iamuru R itoe zile namba tatu, uzilinganishe moja moja na karatasi yako:

```r
y <- c(12.1,11.8,12.6,11.9, 13.4,13.0,13.9,13.3,
       12.7,13.1,12.2,12.8)
mbolea <- factor(rep(c("A","B","C"), each=4))
sum(y^2)
sum(tapply(y, mbolea, sum)^2 / tapply(y, mbolea, length))
sum(y)^2 / length(y)
summary(aov(y ~ mbolea))
```

Angalia nafasi ya mabano: `sum(y^2)` na `sum(y)^2` ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa Excel, `DEVSQ` inakupa jumla yote moja kwa moja, 4.6067, ilhali `SUMSQ` inakupa 1950.26 ambayo bado haijatolewa sahihisho.

Safari nyingine karatasi ndiyo iko sahihi na kompyuta imelishwa vibaya. Ukiziita mbolea 1, 2, 3 na kusahau `factor`, R inazichukua kama kipimo na kupitisha mstari ulionyooka: mbolea inatoka 0.72 na makosa 3.8867. Safu ya `Df` itakuonyesha mara moja, maana mbolea itakuwa na 1 badala ya 2, na makosa 10 badala ya 9. Mimi huisoma safu hiyo kabla ya kutazama namba nyingine yoyote.