Ukifupisha maandishi, ufute kivumishi au sentensi nzima?

Wahariri wengi, wakiambiwa nakala imezidi nafasi, huanza na vivumishi na vielezi. Inaonekana ndiyo njia ya upole: sentensi zote zinabaki, zimepunguzwa mapambo tu. Kwa habari za siasa au hotuba ya mgeni rasmi, njia hiyo hufaa. Kwa maelekezo, yaani kipimo cha dawa, mapishi au matumizi ya mashine, mara nyingi ndiyo inayoharibu zaidi.

Chukua kikaratasi hiki cha kumhudumia mtoto anayeharisha pale ambapo paketi ya ORS haijapatikana. Kina maneno 79, na nafasi iliyopo ni ya maneno 60.

> Kuharisha ni tatizo kubwa sana linalowasumbua watoto wengi wadogo. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi nyingi mwilini kwa haraka. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa vizuri. Tia vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Koroga kwa uangalifu mpaka viyeyuke kabisa. Mpe mtoto polepole, kidogo kidogo, kila baada ya kuharisha. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage. Mtoto akiwa na macho yaliyobonyea au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya haraka.

Anza na vivumishi na vielezi peke yake. Yako maneno 12 yanayotoka bila kuacha pengo: kubwa, sana, wengi na wadogo katika sentensi ya kwanza, nyingi na kwa haraka katika ya pili, kisha vizuri, kwa uangalifu, kabisa na polepole. Unabaki na 67. Bado saba, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu sasa utalazimika kuingia kwenye sentensi ya vijiko.

Futa "vya chai" na "cha chai" uone. "Tia vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi." Sarufi imenyooka, wala hakuna msomaji atakayeshtuka. Ila kijiko cha chai kina mililita 5 na kile cha mezani kina 15. Mama akichukua kijiko kikubwa kilicho karibu, chumvi imekuwa mara tatu, na chumvi iliyozidi ni hatari kwa mtoto aliyepungukiwa maji. Sukari ikizidi nayo huongeza kuharisha. Futa "vyote vilivyosawazishwa" na kila kijiko kitachotwa kwa mlima juu yake. Futa "kidogo kidogo", mtoto atapewa kikombe kizima kwa mkupuo na huenda akakitapika chote.

Kiswahili kinamtega mhariri hapa kwa namna yake. Vivumishi halisi tulivyonavyo ni vichache. Sehemu kubwa ya kazi ya kueleza nomino hufanywa na a-unganifu (cha chai, la shule) na vitenzi vyenye kirejeshi (yaliyochemshwa, yaliyobonyea). Vyote vinakaa nyuma ya nomino, kwa hiyo vinafutika kirahisi na sentensi inafunga vizuri tu. Anayefuta kwa kuangalia umbo hawezi kutofautisha "vya chai" na pambo.

Kipimo kinachosaidia ni swali moja: je, kuna aina nyingine ya kitu hiki ambayo msomaji angeweza kuichukua? Kijiko kina aina nyingine. Maji yana aina nyingine, yasiyochemshwa, na ndiyo yaliyo karibu na mkono. Lakini "tatizo kubwa" halina tatizo dogo la kuchanganywa nalo. Kivumishi kinachobagua kibaki, kinachosifu kiende.

Vielezi navyo vina mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kila mara: kukanusha. Katika "tatizo kubwa sana", neno "sana" halibebi kitu. Katika "dawa hii haiumizi sana", ndilo linalobeba habari yote. Likiondoka, umemwahidi mgonjwa kwamba haiumizi kabisa. Vivyo hivyo "tu", "bado" na "karibu". Ni vifupi, vinakuokolea neno moja moja, na mara nyingi hasara yake haifidiwi.

Sasa upande wa sentensi nzima. Sentensi ya kwanza ya kikaratasi chetu ina maneno tisa na haimwambii mama jambo asilolijua. Aliyeshika kikaratasi ana mtoto anayeharisha mbele yake. Itoke yote. Ukitoa na ya pili, yenye maneno 10, unafika 60 kamili bila kugusa kivumishi chochote. Hesabu inavutia, lakini hiyo ya pili inaeleza sababu. Bila kujua kwamba kinywaji hiki kinarudisha maji na chumvi, mama atakiona kama dawa ya kufunga tumbo. Akiona mtoto bado anaharisha, atakiacha. Sentensi ya sababu, basi, si ya kwanza kutupwa.

Na ni lazima kusema ubaya wa kufuta sentensi: haiachi kovu. Ondoa "Yakibaki baada ya saa 24, yamwage", maneno sita yameondoka na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na onyo. Kivumishi kilichofutwa vibaya angalau msomaji makini anaweza kukiulizia: kijiko kipi? Onyo lisilokuwepo haliulizwi.

Hatari ya pili ya sentensi nzima imo kwenye viambishi vya ngeli, na huwapata hata wahariri wazoefu. Tazama taarifa hii:

> Shirika lilichimba kisima kijijini. Tangi la maji lilinunuliwa kwa michango ya wanakijiji. Lilikaguliwa mwezi uliopita na kukutwa na kasoro.

Toa sentensi ya katikati. Kilichobaki kinasomeka vizuri kabisa, ila sasa lililokutwa na kasoro ni shirika. Tangi na shirika ziko ngeli moja, kwa hiyo *li-* ya "lilikaguliwa", ikikosa tangi, imemshika jirani aliyebaki. Ngeli zingekuwa tofauti, kosa lingepiga kelele. Zikifanana, linapita kimya mpaka simu ya malalamiko ilie. Kwa hiyo kila ukifuta sentensi, soma kiambishi cha ngeli cha kitenzi kinachofuata, uitafute nomino yake. Ikiwa imeondoka, irudishe: "Tangi lilikaguliwa..." Fanya hivyo pia kwa "hilo", "hao", "hapo" na "kwa hiyo".

Kwa maelekezo, tukiulizwa kipi kinadhuru kidogo, jibu letu ni sentensi nzima iliyochaguliwa vizuri: ile ya utangulizi, au inayorudia kilichokwisha semwa. Baada yake vinafuata vielezi vya kutia chumvi. Vivumishi vya kubagua viguswe mwisho, na vikiguswa ujue unabadilisha maelekezo, si mtindo. Kwenye sifa na simulizi mpangilio hugeuka, kwa sababu huko sentensi moja huwa imebeba tukio zima na kivumishi ni rangi yake.

Kwenye kikaratasi, kutoa sentensi ya kwanza kunatufikisha 70. Maneno manane mepesi ya sentensi zilizobaki yanatufikisha 62. Mawili ya mwisho hayakuhitaji kufuta maana yoyote: "kila baada ya kuharisha" imekuwa "kila anapoharisha", kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kinaweza kumeza vihusishi vyake. Matokeo, maneno 60:

> Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi mwilini. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Tia vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke. Mpe mtoto kidogo kidogo kila anapoharisha. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage. Mtoto akiwa na macho yaliyobonyea au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya haraka.