Jibu: Flutter au Kotlin na Swift kwa programu ya kufuatilia magari

> "Tuko wawili tu na bajeti ni ndogo. Programu itafuatilia magari ya mizigo. Tutumie Flutter au tuandike Kotlin na Swift kando?"

Kama madereva wote wana Android, andikeni Kotlin tu, yaishe. Kama kuna iPhone pia, Flutter, ila msichore hata skrini moja kabla ya kujaribu ufuatiliaji wenyewe.

Fomu na orodha mtaziandika mara moja, na hapo ndipo mnapookoa muda. Kufuatilia gari skrini ikiwa imezimwa ni habari nyingine. Android inataka huduma yenye arifa. iOS inataka utangaze `location` chini ya `UIBackgroundModes`. Flutter haikuondolei hayo.

Mimi niliamini plagini moja. Mezani ilikwenda vizuri, lakini kwenye simu ya dereva nukta za mahali gari lilipo zikawa zinakatika kila skrini inapozimwa. Nikaishia kuandika kipande hicho kwa Kotlin na kukiunganisha na Flutter kwa `EventChannel`.

Chukueni simu halisi, mtembee nayo mfukoni kwa muda wa saa mbili, kisha mhesabu nukta. Na mtengee bajeti kompyuta ya Mac. Bila hiyo, toleo la iOS hamlijengi kwenye mashine zenu.