Mawakili wapya, kiapo chenu kiseme alijuaje

Wadogo zangu wa Mwanza, nimesoma tena kiapo chenye aya inayosema "mjibu maombi alijua fika kuwa kuna zuio", ikaishia hapo. Alijuaje? Mnaomba mtu awekwe kizuizini kama mfungwa wa madai kwa kukaidi zuio la mahakama, hadi miezi 6 chini ya Amri ya 37, Kanuni ya 2(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Kwa sababu hiyo mahakama hudai ushahidi mzito kuliko wa madai ya kawaida.

1. Panga tarehe kabla ya kuandika chochote. Chukua shauri la mtumbwi. Jumatatu zuio linatolewa: mdaiwa asiuondoe mtumbwi mwalo wa Kayenze, na auache hapo muda wote wa zuio. Mahakamani yupo wakili wake tu. Jumatano mtumbwi unavuka kwenda Ukerewe. Alhamisi mpeleka wito anaiacha hati ya amri kwa shemeji wa mdaiwa. Wakili kijana anakimbilia kufungua maombi, na ushahidi wake ni picha za mtumbwi ukiwa Nansio, huko huko Ukerewe. Mdaiwa anajibu kwa kiapo kinzani kwamba alikuwa Bukoba, wakili wake hakumpata kwa simu, na nahodha aliuondoa kwa kuogopa upepo. Maombi yanatupwa kwa gharama, na yanastahili kutupwa. Picha zinaonyesha mtumbwi ulipo. Hazionyeshi nani aliuamuru uondoke, wala siku hiyo alikuwa anajua nini.

Kinachoniuma ni kwamba shauri hilo lilikuwa linaokolewa. Amri ilisema pia mtumbwi ubaki Kayenze. Mwachie Jumatano yake. Mkabidhi hati mkononi, mbele ya katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Akikataa kusaini, mpeleka wito aape kuhusu siku, saa, mahali, maneno aliyomsomea na jinsi alivyomtambua. Katibu naye aape kivyake. Ambatanisha barua ya kumtaka aurudishe ndani ya siku 7. Ziwa likitulia, mitumbwi mingine ikawa inavuka kila siku, na wa kwake ukabaki Nansio ukivua dagaa, hoja ya upepo imekwisha. Hapo ndipo ukaidi unapoonekana, kwa siku za baada ya kujua.

Kama alikuwepo amri iliposomwa, kumbukumbu za mwenendo zinatosha kuthibitisha kwamba alijua. Akiwa ameomba mwenyewe amri ilegezwe, kiapo chake cha maombi hayo ni dhahabu. Kitafuteni.

2. Someni maneno ya amri yenyewe, si mliyoyaomba. Amri ikisema "asiuze", kuhamisha siyo kuuza. Jaji hamfungi mtu kwa maneno ambayo hayakuandikwa.

3. Angalieni kama zuio lilikuwa hai siku ya ukiukaji. Chini ya Kanuni ya 3 halizidi miezi 6 kwa mara moja, na likiongezwa jumla haivuki mwaka 1. Likiwa limekufa Ijumaa na mtumbwi ukaondoka Jumamosi, msifungue maombi. Ombeni kwanza zuio jipya.