Filta ya chungu mbele ya kamera: glasi ya tope ni nusu tu ya ushahidi

*Shikamoo mtaalamu. Niko Ujiji, nauza filta za chungu, zile za chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo yenye bomba. Nataka kurekodi video ya dakika 3, maji machafu yatoke masafi watu wakiona. Rafiki yangu ananishauri nitumie rangi ya chakula na kile kikalamu cha TDS ili tofauti ionekane. Naomba skripti ya kufuata.*

Marahaba. Nianze na rafiki yako, maana atakuaibisha. Rangi ya chakula imeyeyuka ndani ya maji, na chungu huzuia vitu vinavyoelea, si vilivyoyeyuka. Sehemu kubwa ya rangi itapita na utabaki umeshika glasi nyekundu mbele ya kamera. Filta zenye mkaa ndizo zinazonasa rangi, na hata hizo zikiifuta hazijakuambia lolote kuhusu vijidudu.

Kikalamu nacho kinasoma chumvi. Kitie kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, kitaandika zaidi ya 300. Pitisha maji hayo kwenye chungu, kitaandika karibu namba ileile, na mteja atadhani filta ni mbovu. Kisha kitie kwenye maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye mavi ya ndege, namba itakuwa ndogo kabisa. Kiache nyumbani.

Tope lina maana kulionyesha, lakini hapo ndipo video nyingi zinaishia na hapo ndipo zinapodanganya. Watu wa Kigoma hawaugui kwa sababu ya maji ya rangi ya chai tu. Ziwa letu ni angavu, unaona mawe ya chini, na bado mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ukingoni mwa ziwa hilihili. Kwa hiyo rekodi siku mbili: leo jicho lione tope linavyobaki, kesho au keshokutwa lione vijidudu.

Kwa vijidudu, tafuta chupa ndogo za kipimo zenye karatasi ya dawa ndani. Unajaza maji hadi alama, unafunga, unaziweka kabatini gizani. Maji yakiwa na bakteria wa aina inayotoka kwenye kinyesi, ndani ya saa 24 hadi 48 hugeuka meusi na kunuka yai viza. Joto la Ujiji linatosha, huhitaji mashine. Chupa haikuambii vijidudu ni vingi kiasi gani, inasema vipo au havipo. Usiitumie kwa maji ya kisima ambayo yananuka yai viza tangu yakichotwa, kwa sababu yatageuka meusi hata bila kinyesi.

Sasa maandalizi. Chungu kipya kiloweke usiku kucha, kisha pitisha maji mara mbili au tatu na kuyamwaga. Chungu kizima hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa kikiwa kimejaa. Kikitoa lita 2, glasi ya mililita 250 itajaa kwa dakika 7 na nusu, kwa hiyo haitaingia kwenye video ya dakika 3. Weka saa ya ukutani ndani ya picha, rekodi bila kukata, halafu harakisha kipande hicho watu wakiona mshale unavyozunguka. Ukikata, mtazamaji mwenye akili atajua umebadilisha glasi. Na glasi ikijaa kwa dakika 2, usifurahi: chungu kina ufa, au maji yanapita pembeni.

Tope chota mto Luiche kipindi cha mvua, usichanganye udongo wa uani. Liache litulie kwenye ndoo usiku mmoja, na useme umefanya hivyo. Ukilimimina bichi, chungu kitaziba kabla hujamaliza salamu.

Siku ya kwanza, chupa ya plastiki ya lita 2 iliyojaa maji ya mto isimamishe juu ya gazeti, kamera itazame kutoka juu kupitia mdomo wa chupa. Sema:

"Haya ni maji ya Luiche, yametulia tangu jana jioni. Kichwa cha habari hakisomeki. Nayamimina kwenye chungu. Saa ni nne na dakika tano."

Maji ya kwanza yanayodondoka yachukue moja kwa moja chini ya chungu, ukiwa umekipachika juu ya chombo kisafi cha kioo, ili watu waone tone lenyewe. Yakitosha, jaza chupa nyingine ya lita 2 (hii utaisubiri saa nzima, irekodi baadaye) na uiweke juu ya gazeti lilelile. Kisha:

"Sasa kinasomeka. Lakini maji kusomeka si maji kuwa salama. Chupa hii ndogo ni ya maji ya mto, hii ya yaliyopita kwenye chungu, na hii ya tatu ni ya yaliyochemshwa yakapoa. Nazifunga mbele yenu, naandika tarehe na saa. Tukutane kesho kutwa."

Ya tatu usiiache. Ikibaki bila weusi, unajua chupa zenyewe hazikuwa chafu. Na usinywe maji hayo siku hiyo kuonyesha ushujaa. Homa ya matumbo huchukua wiki moja au mbili kujitokeza, kwa hiyo tabasamu lako baada ya kumeza halithibitishi kitu.

Niliwahi kufanya onyesho hili Mwandiga, uani kwa mama mmoja, majirani wamekaa kwenye mkeka. Tuliporudi siku ya pili, chupa ya mto ilikuwa nyeusi kama tulivyotarajia, na ya filta nayo nyeusi. Ya kuchemsha ilikuwa safi. Majirani walicheka sana. Chungu hakikuwa na kosa: asubuhi ile msaidizi wangu aliisuuza ndoo ya chini na bomba lake kwa maji ya ziwa, akaifuta kwa kitambaa cha jikoni. Tuliosha ndoo na bomba kwa maji yenye klorini, tukasuuza kwa maji yaliyochemshwa, tukarudia mbele ya watu walewale. Safari hii haikugeuka. Kila nikikumbuka naona lile kosa liliuza kuliko skripti, maana ndivyo filta inavyoharibika majumbani. Kwa hiyo chupa yako ikigeuka nyeusi, usifute video. Rekodi unavyoosha ndoo, upime upya.

Siku ya mwisho, zipange chupa tatu kwenye karatasi nyeupe na useme kinachoonekana tu:

"Ya mto imegeuka. Ya chungu haijageuka. Chungu hiki kinapunguza sana bakteria, lakini virusi ni vidogo mno, vinaweza kupita. Kukiwa na kipindupindu mtaani, au maji ni ya mtoto mchanga, ukishachuja chemsha au tia dawa ya klorini. Chungu kikipunguza kasi, kisugue ndani kwa brashi na maji tu, bila sabuni."

Neno "asilimia mia" lisikutoke. Chupa nyeusi usizimwage jikoni: mimina jiki ndani, acha nusu saa, kisha mwaga chooni.