Kazi ya kuonyesha kwenye demo na kazi ya kutaja tu

Demo ikikaribia, timu nyingi hufungua Jira, huchukua kila kadi iliyofika safu ya mwisho na kuanza kuzipitia moja moja mbele ya wageni. Sisi hapa Tanga tunatengeneza mfumo wa vituo vya kukusanyia maziwa. Wageni wetu ni wasimamizi wa vituo, mhasibu wa ushirika na wafugaji wachache, wengine wanatoka Muheza. Mtu aliyeamka alfajiri akakamua ng'ombe, kisha akapanda gari kuja mjini, usimkalishe kusikiliza habari za hifadhidata.

Tuanze na orodha yenyewe. Usiiandike kwa kukumbuka, wala usiitegemee Jira peke yake, maana wapo wanaosogeza kadi kabla kazi haijaisha, na wapo wanaomaliza kazi wakasahau kadi. Mimi huanza na kilichoingia kweli kwenye tawi kuu:

```
git log --merges --first-parent --since="2 weeks ago" --date=short --format="%ad %s" main
```

Hapo unapata tarehe na kichwa cha kila kazi iliyounganishwa ndani ya wiki mbili. (Kama timu yenu hukusanya komiti zote kuwa moja kabla ya kuunganisha, ondoa `--merges`, la sivyo huenda usione kitu.) Kisha linganisha na Jira. Kadi inayodai imekamilika na haimo kwenye `main`, mfuate mwenyewe umuulize. Kazi iliyomo bila kadi mara nyingi ni bagi iliyorekebishwa haraka, nayo iandike.

Halafu toa kila kisichotimiza vigezo vya kukamilika mlivyokubaliana. Mwongozo wa Skramu wa 2020 hauna mzaha hapa: kazi isiyotimiza vigezo haionyeshwi kwenye mapitio, inarudi kwenye orodha ya kazi. Sprinti moja tulikuwa na ripoti ya mwezi ya mhasibu, ya kupendeza kabisa, ila haikuwa imejaribiwa kwa mfugaji mwenye vituo viwili. Tukaiacha. Mhasibu akishaiona leo, kesho ataiomba.

Yaliyobaki sasa ndiyo ya kuchagua, na watu hukosea kwa kupima jasho: kazi iliyowatesa zaidi ndiyo wanayotaka ionekane. Mimi huuliza swali moja tu: nikionyesha hiki, nani kikaoni atakuwa na la kusema litakalobadilisha kazi yetu?

Katika sprinti hiyohiyo, kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuhamia toleo jipya la hifadhidata. Nani angesema nini? Hakuna. Ikapata sentensi moja. Bagi iliyokuwa inakata deni la chakula cha mifugo mara mbili nayo haikuonyeshwa, lakini tulieleza kwa mdomo nini kilitokea na kwamba fedha zimerudishwa, kwa sababu waliokatwa walikuwa palepale. Marekebisho ya rangi za vitufe hayakutajwa kabisa.

Kilichoonyeshwa kwanza ni kazi ndogo sana: ujumbe mfupi anaotumiwa mfugaji maziwa yake yakikataliwa. Hatukuonyesha slaidi. Karani wa kituo alishika simu mwenyewe, akaingiza lita 8 na kipimo cha 25 cha laktomita, kifaa cha kugundua maziwa yaliyoongezwa maji, akabonyeza kataa. Simu ya mfugaji mmoja ikalia mezani: "Maziwa yako lita 8 yamekataliwa. Yameongezwa maji."

Msimamizi wa kituo, mama mtu mzima, akanigeukia. "Mwanangu, hapo mtatuletea ugomvi." Akaeleza kwamba laktomita hushuka hata maziwa yakipimwa yangali na joto la kukamuliwa, ndiyo maana kipimo husahihishwa kwa joto. Kumwandikia mtu kwamba ameongeza maji ni kumwita mwizi. Palepale tukakubaliana ujumbe utaje kipimo tu na kumwomba mfugaji amwone karani, na kazi mpya ikaandikwa: sehemu ya kujaza joto la maziwa. Msimbo wa ujumbe ule haukufika mistari 30.

Cha pili kilikuwa kurekodi bila mtandao. Hiki kionyeshe kwa kuzima data mbele yao, uingize rekodi, wote waione ikisubiri, kisha uwashe. Usiseme tu kwamba kinafanya kazi. Na bonyeza tuma mara mbili makusudi, waone lita hazijirudii, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la mhasibu.

Vitu viwili, basi, na muda uliobaki wote ukawa wa maswali. Orodha nzima, pamoja na visivyoonyeshwa, huwa naituma jana yake kwenye kundi la WhatsApp, kila kazi mstari mmoja. Mgeni akitaka kuona kilichoachwa, anasema kabla hatujaanza, nasi tunakiweka.