Anasalimia tu, nijibu nini?

"Nimehamia Mafinga kikazi. Mama mwenye nyumba hunitumia 'Habari za asubuhi mwanangu' halafu kimya. Nikimuuliza anataka nini, hajibu. Nifanyeje?"

Ndugu, usimuulize anataka nini. Kwake hilo linasikika kama "sema haraka uondoke", ndiyo maana ananyamaza. Salamu yake tayari imeshauliza: umeamka salama? Mjibu hilo.

Andika: "Shikamoo mama. Nimeamka salama, sijui ninyi huko?" Atakuitikia marahaba, pengine aongeze, "Wazima, ila baridi ya leo!" Hapo amekufungulia mlango. Ukitaka, uliza kama mahindi yamesalimika na baridi. Usipotaka, "Pole na baridi, mama" inatosha, na mazungumzo yamekamilika bila mtu kuomba chochote. Akiwa na shida ataileta mwenyewe baada ya hapo, kwa kuwa ameshajua uko mzima na una nafasi ya kusikiliza. Mtu aliyefiwa usiku hadaiwi kodi asubuhi, na bila salamu mama mwenye nyumba angejuaje kuwa umefiwa?

Ukiwa na haraka, jibu salamu kwanza, kisha sema uko kazini. Na shikamoo uianze wewe, siyo yeye.