Mtetea amejikunyata, upanga umepauka, kinyesi cha kijani: namna ya kusoma picha zake

*"Wadau salaam. Mtetea wangu wa kienyeji amejikunyata pembeni ya banda tangu jana asubuhi, anadonoa kidogo tu. Nimeweka picha tatu: kichwa, kinyesi na manyoya ya nyuma. Wenzake 13 wako sawa kwa sasa. Ni kideri? Dukani wameniambia nimpe antibayotiki ya unga. Nimpe, au nimchinje kabla hajafa?"*

Mkuu, kwa picha hizi sioni kideri. Antibayotiki iache kwanza, na usimchinje kwa ajili ya kitoweo. Mimi nafuga kienyeji na chotara hapa Morogoro, sio daktari, lakini nimekaa sana na madaktari wa mifugo wakipasua kuku wangu na wa majirani, kwa hiyo nitakwambia ninavyozisoma picha hizo.

Nianze na ile ya kichwa, maana ndiyo inayowatisha watu na ndiyo inayodanganya zaidi. Umempigia chini ya turubai la bluu, mkuu. Angalia hata miguu yake na ule ukuta wa nyuma, vyote vina ubluu. Simu nayo hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Mtoe nje kivulini, mchana, bila flashi, umshike pembeni ya mtetea mzima wa umri wake, kisha vichwa vyote viwili viingie kwenye picha moja. Hapo hata kama simu inadanganya, inawadanganya wote wawili sawasawa, na tofauti itabaki.

Nikiondoa huo ubluu wa turubai, ninachokiona ni upanga uliopauka na kusinyaa. Upanga uliopauka maana yake damu imepungua au haifiki huko vizuri: minyoo, utitiri, kuhara damu, homa ya matumbo ya kuku, au kuku aliyeacha kula muda. Ila kuku asiyetaga naye upanga hupungua rangi, na anayenyonyoka manyoya ya mwaka vilevile. Anayeatamia ndiye kiboko yao: hupauka, hujikunyata, hula kidogo, na akitoka kiotani mara moja kwa siku anaangusha rundo moja kubwa linalonuka vibaya sana. Nimeshaona watu wakimnywesha dawa kuku ambaye tatizo lake ni kwamba anataka vifaranga. Wako yuko pembeni ya banda na hayuko kiotani, kwa hiyo hilo naliondoa. Ungekuwa upanga wa bluu au zambarau kweli, hasa kwenye ncha, ningekuwa naandika mambo mengine kabisa, nitayafikia huko chini.

Picha ya kinyesi. Ile sehemu nyeupe isikutishe, huo ni mkojo. Kuku hana haja ndogo ya peke yake, mkojo wake hutoka kama chokaa juu ya kinyesi. Kuna pia kinyesi cha rangi ya chokoleti, laini, kinachonata na kunuka, ambacho kila kuku mzima hukitoa mara chache kwa siku, na wengi humu jukwaani hukipiga picha wakidhani ni kuhara. Chako sio hicho. Chako ni majimaji ya kijani, nyeupe nyingi, na karibu hakuna kitu kigumu katikati. Kijani hicho ni nyongo. Kuku asipokula, utumbo hauna chakula cha kuipaka rangi, nyongo inapita peke yake. Kwa hiyo kinyesi cha kijani kinatokea kwenye kideri, kweli kabisa, lakini kinatokea pia kwa kuku yeyote aliyekaa na njaa siku moja au mbili kwa sababu yoyote ile, hata kwa aliyeshinda kwenye bustani ya mchicha. Anayekwambia "kijani ni kideri" kwa kuangalia kinyesi tu anabahatisha.

Sasa picha ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Ikuze, uangalie chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja. Kwenye mashina ya manyoya kuna mabonge ya kijivu, kama punje za sukari zilizoganda pamoja. Hayo ni mayai ya chawa wa kuku. Ngozi ya hapo pia imekuwa nyekundu na manyoya yamechafuka.

Chawa peke yao kwa kawaida hawamlazi mtetea mzima namna hiyo. Ila mabonge makubwa hivyo hayajengeki kwa usiku mmoja, yanachukua wiki kadhaa. Kuku mzima hujichambua kwa mdomo kila siku na kuoga vumbi, hivyo chawa wanabaki wachache. Anayeanza kuumwa huacha kujichambua, nao wanazaliana. Hapo ndipo picha zako tatu zinapoanza kuzungumza pamoja: kinyesi kinaeleza ya jana na leo, upanga unaeleza ya siku nyingi kidogo, manyoya yanaeleza ya wiki zilizopita. Huyu hakuanza kuumwa jana asubuhi. Jana ndipo alipochoka kuficha.

Kideri hakiendi hivyo. Kwenye kuku wasiochanjwa kinaingia kwa kasi: leo wawili wamezubaa, kesho wanahema kwa mdomo wazi, keshokutwa unaokota mizoga, na wachache wanaobaki unaona shingo zimepinda au bawa moja linaburuta. Mmoja kuumwa polepole wiki kadhaa na 13 kubaki wazima sio tabia yake. Nasema hivyo kwa tahadhari moja: kuanzia virusi viingie mpaka dalili zionekane huchukua siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6, na lazima kuna kuku atakayetangulia. Kwa hiyo mtenge huyo leo hii, mbali na banda, na uwahudumie wazima kwanza, yeye mwisho. Usikimbilie kuwachanja wenzake leo pia. Ikiwa virusi vimeshaingia, chanjo haiwahi, na mikono yako ndiyo itakayovitoa kwa mmoja na kuvipeleka kwa mwingine.

Kuna vitu ambavyo picha haiwezi kukupa, mikono inaweza. Mshike jioni hii, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili na mfupa unausikia kidogo tu. Ukisikia umechongoka na nyama zimekauka pembeni, amekonda muda mrefu, nami nitawaza minyoo kwanza, halafu homa ya matumbo iliyokaa. Papasa mfuko wa chakula chini ya shingo: asubuhi kabla ya kula unatakiwa uwe mtupu. Ukiwa umejaa na mgumu, au unachezacheza kwa maji yanayonuka uchachu, chakula hakishuki. Papasa tumbo nyuma, kati ya mifupa ya nyonga, kuhakikisha hakuna yai lililokwama, hasa ukimwona anajikamua huku amesimama wima. Usiku chukua tochi uchunguze nyufa za fito wanazolalia. Utitiri mwekundu hauko kwenye kuku mchana, unatoka usiku kunyonya damu, na unaweza kumpausha upanga bila kuacha alama yoyote utakayoipiga picha saa sita mchana.

Kuhusu ile antibayotiki. Haigusi kideri, haigusi minyoo, haigusi chawa. Ingefaa kwa homa ya matumbo au kipindupindu cha kuku, lakini ukimpa kabla sampuli haijachukuliwa, maabara wakiotesha vijidudu wanaweza wasipate kitu, na utabaki na kuku nusu mgonjwa asiye na jina la ugonjwa. Homa ya matumbo ina ubaya mwingine: kuku anaweza kupata nafuu akabaki na vijidudu na kuvipitisha kwenye mayai hadi kwa vifaranga. Kama ni hiyo, unatakiwa kujua.

Fanya hivi. Okota kinyesi cha asubuhi, kibichi, weka kwenye mfuko safi wa plastiki, usiweke kwenye jua wala usigandishe, ukipeleke siku hiyohiyo kikaangaliwe mayai ya minyoo. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza pa karibu. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana maabara Temeke na vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa, na sisi wa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA. Usinunue dawa ya minyoo kabla ya majibu, maana piperazini, ambayo ndiyo wanayokupa haraka dukani, inatoa minyoo mikubwa ya mviringo tu, tegu haiwagusi. Chawa waweza kuwaanza leo: unga uliosajiliwa kwa kuku, ufikishe kwenye ngozi kuzunguka njia ya haja na chini ya mabawa, kisha urudie baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai hayafi na unga na lazima uwakute walioanguliwa. Wapake na wale 13.

Huyo mmoja anaweza kusubiri majibu siku moja au mbili akiwa na maji, kivuli na chakula laini. Ila usisubiri, piga simu kwa daktari saa hiyohiyo, ukiona wa pili na wa tatu wanazubaa ndani ya siku mbili, yeyote anahema kwa mdomo wazi au shingo inapinda, au vifaranga wa wiki tatu hadi nane wanahara damu. Hao wa damu hawasubiri kesho, kuhara damu kunawamaliza haraka na dawa yake ipo, inawahiwa tu.

Na ule upanga wa bluu nilioutaja: ukiuona kwenye mwanga mzuri, pamoja na uso au ndevu kuvimba, madoa ya damu chini ya ngozi ya miguu, na vifo vya ghafla, usichinje, usinyonyoe, usile, usimpe jirani wala usiuze mnadani. Inaweza kuwa mafua ya ndege, yaliyothibitishwa Uganda mwaka 2017, na hayo yanampata hata binadamu. Funga banda na umwite afisa mifugo aje yeye, usimbebe kuku kwenye bodaboda kumfuata.

Akifa kabla hujafika popote, na hakuna dalili hizo za bluu, mzoga wake ndio sampuli bora kuliko picha zote. Ufunge kwenye mifuko miwili, uzungushie barafu, usiugandishe, uufikishe maabara ndani ya saa 24. Wakipasua wanaona ini, utumbo na firigisi kwa macho yao. Homa ya matumbo, kwa mfano, mara nyingi huacha ini limevimba na kuwa na rangi ya shaba.

Nijibu matatu: kidari umekikutaje, mara ya mwisho uliwachanja kideri lini (ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu), na kuna kuku mgeni aliyeingia bandani mwezi huu? Kama uliwachanja mwezi uliopita na kidari kimechongoka, mimi hela yangu naiweka kwenye minyoo.